Shoti ya barua: kumweka mpiga kamera ndani ya mchoro bapa

Shoti yenyewe ni ya sekunde sita na nusu, yaani fremu 156 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Msichana ameketi mezani anasoma barua. Nyuma yake mlango unafunguka, kaka yake anaingia na kusimama kizingitini. Maelekezo ya mwongozaji yalikuwa mafupi: picha ionekane imepigwa na mtu aliyeshika kamera mkononi, humo humo chumbani, na fokasi ihame kutoka kwenye barua hadi kwa kaka bila kukata.

Vyote hivyo vimechorwa kwa pande mbili. Chumba hakipo, lenzi haipo, na mpiga kamera hayupo. Kilichopo ni matabaka manne ya picha bapa yaliyopangwa moja mbele ya jingine. La mbele kabisa ni ua la chungu, linalofuata ni msichana na meza yake, kisha ukuta wenye mlango pamoja na kaka na sakafu, na mwisho ni uwanja wa nje wenye taa moja inayowaka, ambao unaonekana mlango ukishafunguka. Kazi yangu ilikuwa kuyaunganisha matabaka hayo na kuyapa kamera. Niliifanya mara tatu kabla haijakubalika, na makosa ya mara mbili za kwanza ndiyo yaliyonifundisha zaidi, kwa hiyo nayaeleza yalivyokuwa.

Toleo la kwanza: karatasi inayotikiswa

Nilianza kwa njia ambayo karibu kila mtu wa programu ya After Effects huanza nayo. Niliyafunga matabaka yote manne kwenye tabaka tupu moja, na kwenye nafasi ya tabaka hilo nikaandika `wiggle(8, 25)`. Maana yake ni kwamba picha nzima inaruka mara nane kwa sekunde, hadi pikseli 25 kila upande. Kwa fokasi nikatumia ukungu wa kawaida wa Gaussian: wa msichana ukapanda kutoka 0 hadi 20, wa ukuta ukashuka kutoka 20 hadi 0.

Mwongozaji aliitazama mara mbili. "Hapa hakuna mtu aliyeshika kamera," akasema. "Kuna karatasi inatikiswa."

Alikuwa sahihi, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kasi. Mkono wa binadamu una mtetemo wa asili wa mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na nadhani ndiyo maana namba 8 inawajia watu wengi haraka. Lakini mtetemo huo ni mdogo mno, na uzito wa kamera huumeza sehemu kubwa yake. Isitoshe, kwa fremu 24 kwa sekunde, kitu kinachotetema mara 8 kinapata fremu tatu tu kwa kila mzunguko. Jicho halioni mkono hapo, linaona picha inayoruka ovyo kila fremu. Ukifika mara 12 zinabaki fremu mbili, huku na kule, na hilo ni kama mlio wa nyuki uliogeuzwa kuwa picha.

Ili nijue mkono unafanya nini hasa, nilichora alama ya msalaba ukutani, nikaishika simu kwa mikono miwili, nikazima utulizaji wa picha na kuirekodi alama hiyo kwa sekunde ishirini. Kisha nikaifuatilia alama kwenye kompyuta na kuutazama mchirizi wake. Kilichoonekana ni mawimbi ya polepole, kila moja likichukua sekunde mbili au tatu: hapo mwili unayumba na kifua kinapanda na kushuka. Juu ya mawimbi hayo kulikuwa na masahihisho madogo, kama mara moja au mbili kwa sekunde, pale nilipogundua alama inatoka katikati na kuirudisha. Mtetemo wa haraka ulikuwepo, ila ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kwa upana wa pikseli 1920 haukufika hata pikseli moja. Niliuacha.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Matabaka yote yalisogea kwa kiasi kilekile. Kamera iliyo mkononi hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, nayo huonekana tofauti kwenye picha. Inageuka, yaani pua yake inaelekea kushoto au kulia, juu au chini. Hapo kila kitu kinasogea sawasawa, cha karibu na cha mbali. Pia inasogea, yaani mwili wake wote unahama milimita kadhaa. Hapo cha karibu kinahama sana na cha mbali kidogo. Mimi nilikuwa na kugeuka peke yake, na kugeuka peke yake juu ya michoro bapa hakumwambii mtazamaji kwamba kuna nafasi kati ya msichana na mlango.

Kuyapa matabaka umbali

Kwa toleo la pili niliamua kwamba kila tabaka litakuwa na umbali wake kwa mita, hata kama chumba ni cha kuchora tu. Ua la chungu mita 0.6, msichana mita 1, mlango na kaka mita 4, taa ya nje mita 20. Kisha nikachagua kamera ya kufikirika: lenzi ya milimita 35, mbele ya kihisi chenye upana wa milimita 25, picha ya pikseli 1920. Ukizidisha 35 kwa 1920 na kugawa kwa 25 unapata 2688. Hiyo namba niliiandika kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni ya skrini, kwa sababu mwendo wote unatoka hapo.

Kamera ikisogea milimita 8 kando, kitu kilicho mita 1 kinahama 2688 mara 0.008, yaani pikseli 21 na ushei. Kilicho mita 4 kinahama robo yake, pikseli 5. Taa ya nje inahama pikseli 1, na ua la chungu linahama 36. Kamera ikigeuka robo ya digrii, vyote vinne vinahama pikseli 12, bila kujali umbali. Ukiziweka namba hizo pamoja unaona kilichokosekana kwenye toleo la kwanza: jani la ua linapita mbele ya bega la msichana, bega linapita mbele ya fremu ya mlango, na taa imetulia kama iliyopigiliwa msumari.

Kwenye programu nilitenganisha mambo hayo mawili. Tabaka tupu la kwanza, KUGEUKA, ndilo mzazi wa vyote, nalo linabeba kugeuka pamoja na kuinama kidogo kwa kamera kwa mzunguko usiozidi digrii 0.3. Tabaka tupu la pili, KUSOGEA, halina mtoto. Kazi yake ni kubeba namba tu, yaani ni pikseli ngapi kitu cha mita 1 kinahama. Nafasi yake niliiandika hivi:

```
seedRandom(7);
a = wiggle(0.4, 16);
b = wiggle(1.6, 5);
a + b - value
```

Mstari wa a ni kuyumba kwa mwili, b ni masahihisho. Mwishoni `value` inatolewa mara moja kwa sababu kila `wiggle` imeijumlisha ndani yake. Ukisahau kuitoa, tabaka linaruka nje ya skrini na unabaki kutafuta kosa mahali pengine. Kisha kila tabaka la picha lilisoma namba hiyo na kuigawa kwa umbali wake. Hili ni la mlango:

```
t = thisComp.layer("KUSOGEA").position - [960, 540];
d = 4;
value + t / d
```

Tahadhari moja hapa. Ukishaona kina kinavyojitokeza unatamani kukiongeza. Nilijaribu kusogea kwa sentimita 3, na papo hapo msichana akageuka kuwa kipande cha kadibodi kilichosimamishwa mbele ya ukuta. Ni kweli ni kadibodi: pua yake na sikio lake viko kwenye tabaka moja, kwa hiyo vinahama sawa, jambo lisilotokea kwa kichwa cha mtu halisi. Kwa milimita 8 jicho halishtuki. Ukitaka mtikisiko mkubwa zaidi, uongeze kwenye kugeuka, usiongeze kwenye kusogea.

Kitu kingine ambacho `wiggle` hakikupi ni nia. Mtu aliyeshika kamera anasikia mlango, anashtuka, anaelekeza kamera kule. Mlango wetu unafunguka fremu ya 61. Binadamu huhitaji takriban robo ya sekunde kuitikia jambo asilolitarajia, kwa hiyo kamera haikugusa kitu hadi fremu ya 66, ndipo ikaanza kugeuka kulia kwa digrii moja na nusu, ambazo ni pikseli 70. Mwanzoni nilikuwa nimeuanzisha mgeuko huo fremu ya 61 ileile, na ilionekana kana kwamba mpiga kamera alijua mlango utafunguka. Fremu tano tu, lakini zilitofautisha shahidi na mtu aliyepanga mambo.

Niliulizwa pia kama kamera iende kwa fremu mbilimbili, kwa kuwa michoro ya wahusika imeshikiliwa hivyo, michoro 12 kwa sekunde. Nilijaribu. Mtikisiko ukawa wa kukwamakwama, kama video inayosubiri mtandao. Kamera niliiacha iende kila fremu, na michoro ikabaki mbilimbili. Kwa kuwa kila tabaka linabebwa na kamera ileile, miguu ya kaka haikuteleza sakafuni.

Fokasi iliyokimbia

Ukungu nao niliutoa kwenye kipimo. Lenzi ya milimita 35 iliyofunguliwa kwa f/2 ina tundu la milimita 17.5. Kwa kamera yetu, hesabu ya duara la ukungu inafupika na kuwa hivi, karibu kabisa na ile kamili:

```
c = 47 * |1/S - 1/d|
```

S ni umbali ulikowekwa fokasi, d ni umbali wa kitu, vyote kwa mita, na c ni kipenyo cha ukungu kwa pikseli. Fokasi ikiwa kwenye barua, mita 1, kaka aliye mita 4 anapata ukungu wa pikseli 35. Fokasi ikihamia kwa kaka, barua nayo inapata 35. Hapo ni sawa kwa sawa. Lakini tazama vile viwili vingine. Taa ya nje inashuka kutoka 45 hadi 9, na ua la chungu linapanda kutoka 31 hadi 67. Kwenye toleo la kwanza nilikuwa nimegusa matabaka mawili tu, ua na taa vikabaki na ukungu uleule mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeweza kusema kasoro ni nini, ila kila mtu alihisi kwamba fokasi "imebandikwa".

Basi nikaweka fokasi ihame kutoka mita 1 hadi mita 4 kwa fremu 16, kwa mwendo ulionyooka. Ikatoka vibaya, na kwa muda nilidhani kompyuta imekosea. Barua ilipotea mara moja, kama imenyang'anywa; kisha kaka akakaribia kuwa wazi, na kwa fremu nyingi zilizobaki hakuna kilichoonekana kubadilika.

Jibu limo kwenye ile hesabu. Ukungu haufuati mita, unafuata moja-chini-ya-mita. Katikati ya safari, fokasi ikiwa mita 2.5, barua ina ukungu wa 28 kati ya 35, lakini kaka ameshashuka hadi 7. Yaani nusu ya muda imepita na asilimia 80 ya kazi imekwisha. Ukitazama ringi ya lenzi halisi, alama za umbali hazijapangwa kwa usawa: za karibu zimeachana, za mbali zimebanana, na baada yake ni alama ya mbali isiyo na mwisho. Msaidizi wa kamera akizungusha ringi kwa mkono, mkono wake unatembea kwenye mizani hiyo, si kwenye mita.

Kwa hiyo niliacha kuandika mita. Niliunda kitelezi kimoja kinachoitwa u, ambacho ni 1/S, kikitoka 1 hadi 0.25. Katikati yake ni 0.625, ambayo ni mita 1.6, na hapo barua na kaka wote wana ukungu wa 17.6. Kuna fremu mbili tatu ambazo hakuna kilicho wazi ndani ya picha. Mwongozaji aliziona na kuuliza kama ni kosa. Nikamwambia hapana, dada, lenzi inayosafiri kutoka karibu kwenda mbali lazima ipite mahali ambapo hakuna mtu. Akazikubali, na kusema ukweli ndizo fremu ninazozipenda kuliko zote kwenye shoti hii.

Kila tabaka lilisoma u na kujihesabia ukungu wake. Kisanduku cha ukungu kinataka nusu ya kipenyo, ndiyo maana ya kugawa kwa mbili:

```
u = thisComp.layer("FOKASI").effect("u")("Slider");
d = 4;
47 * Math.abs(u - 1/d) / 2
```

Lilibaki jambo la mkono. Mwendo ulionyooka wa u unaongeza ukungu wa barua kwa zaidi ya pikseli 2 kila fremu. Mistari ya michoro yetu ina unene wa pikseli 3. Maana yake, ndani ya fremu mbili za mwanzo mistari yote ya msichana inayeyuka, na rangi bapa zinabaki bila mipaka. Kwenye picha za watu halisi hili halionekani sana, kwa sababu uso una vivuli na vinyweleo vinavyofifia taratibu. Mchoro wenye mstari mweusi unapoteza mstari ghafla, na macho yanasoma hilo kama mkato. Dawa ilikuwa kuanza polepole: fremu nne za kwanza u inasogea kidogo sana, kisha inachapuka, kisha inatua. Nikaipitisha kidogo mahali pake, hadi 0.22, fremu ya 88, na kuirudisha 0.25 kufikia fremu ya 94. Kaka anakuwa wazi, analegea kidogo, anakuwa wazi tena. Ni alama ya kidole cha mtu kwenye ringi.

Niliongeza pia kitu kinachofanywa na lenzi nyingi: fokasi ikitoka karibu kwenda mbali, eneo linaloonekana kwenye picha linapanuka kidogo, vitu vinaonekana vimesinyaa. Kwa lenzi sahili ya milimita 35, kutoka mita 1 hadi 4, tofauti ni asilimia 2.7. Nilitumia nusu yake, kwa kuwa yote ilionekana kama kamera inarudi nyuma.

Kingo, mshono na taa

Toleo la tatu lilikuwa limeshakaa sawa katika mwendo, lakini nilipolisimamisha na kulitazama fremu kwa fremu niliona mambo matatu yanayotokea kwa michoro ya matabaka tu.

La kwanza ni shimo. Mchoraji wa mandhari alikuwa amepaka ukuta hadi ukingo wa msichana na kuacha weupe nyuma yake, kwa kuwa hapo "hapaonekani". Lakini msichana akipata ukungu wa 35, ukingo wake unaanza kuonyesha kilicho nyuma kwa pikseli 18 kuelekea ndani, na kwa kuwa anahama 21 wakati ukuta unahama 5, kuna pikseli 16 nyingine za kufichuka. Utepe mweupe ulimzunguka kama utakatifu. Ukuta ukapakwa upya ukaingia nyuma yake kwa pikseli 60. Kwa sababu hiyohiyo kila tabaka lilihitaji kuzidi ukubwa wa skrini: ua la chungu linataka 36 za kusogea, 12 za kugeuka, 5 za kuinama na 33 za ukungu, na upande wa kulia ongeza 70 za kamera kumgeukia kaka. Tuliomba 180 kulia na 120 kwingineko. Pasipo na picha ya ziada, ukungu unakula weusi wa nje ya fremu, na pembe zinakuwa na giza linalotikisika.

La pili ni mshono. Msichana ameundwa kwa vipande: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, kiganja. Nilikuwa nimeweka ukungu kwenye kila kipande, na pale mkono unapokutana na bega pakatokea mstari hafifu wenye rangi ya ukuta. Hesabu yake ni rahisi. Kwenye mpaka kila kipande kinabaki na nusu ya uzito wake. Nusu juu ya nusu inafunika robo tatu, na robo iliyobaki inaonyesha kilicho nyuma. Vipande vyote vya umbali mmoja lazima viunganishwe kwanza kuwa tabaka moja, ndipo ukungu uwekwe mara moja.

La tatu ni taa. Imechorwa kama kidoti cheupe cha pikseli 10, weupe wa 255. Fokasi ikiwa kwenye barua, kidoti hicho kinatakiwa kitanuke kuwa duara la 45, ambalo eneo lake ni mara 20. Mwanga uleule ukigawanywa kwa 20, kwenye hesabu ya kawaida ya namba za skrini unapata 13 kati ya 255, yaani taa inazimika kabisa. Nikabadilisha mradi ufanye kazi kwa biti 32 na mwanga wa mstari, pale ambapo namba inawakilisha mwanga wenyewe. Duara likapanda hadi 63, bado hafifu. Tatizo lililobaki halikuwa la ukungu. Taa na shati jeupe la kaka zilikuwa na namba ileile, wakati taa halisi inang'aa kuliko shati mara nyingi. Nikaipandisha taa peke yake mara 12. Sasa duara lake linasimama karibu na 200, na fokasi inapohama linajikusanya na kuwaka zaidi kadiri linavyokaribia udogo wake. Hapo nilitumia Camera Lens Blur badala ya Gaussian, kwa sababu Gaussian haina duara, inapaka vumbi.

Sakafu ilinipa hofu bure. Inaanzia miguuni pa msichana hadi mlangoni, mita 1 hadi 4, kwa hiyo haiwezi kuwa na ukungu mmoja. Nilikuwa tayari kuchora ramani ya kina kwa mkono. Kumbe kwa sakafu iliyo bapa, ukitazama kwa kamera isiyoinama, umbali wa nukta chini ya mstari wa upeo kwenye skrini unalingana moja kwa moja na 1/d, kiasi kilekile tunachokitumia kwa fokasi. Mteremko wa kawaida wa rangi, mweusi kwenye upeo na mweupe chini, ulionyooka, ndio ramani sahihi. Niliubandika kama ramani ya ukungu, na eneo lililo wazi likatembea sakafuni kutoka mezani hadi kwenye viatu vya kaka lenyewe.

Chembechembe za filamu niliziweka mwisho kabisa, juu ya kila kitu. Awali zilikuwa ndani ya matabaka, zikafutika kwenye yenye ukungu na kubaki kwenye yaliyo wazi, hata ungeweza kuhesabu matabaka kwa kuangalia chembe tu. Na kwa kuwa mistari ya pikseli 3 ikihama kwa sehemu za pikseli inachemka, nilitoa shoti nzima kwa upana wa 2880, kisha nikaipunguza hadi 1920.

Kitu cha mwisho kilichobadilika kilikuwa ua. Kwa mita 0.6 na ukungu wa 67, lilikuwa doa la kijani lililomeza kona nzima baada ya fokasi kuhama, na jicho lilikwenda huko badala ya kwenda kwa kaka. Nilibadilisha namba moja tu, d ya ua kutoka 0.6 kuwa 0.8. Ukungu ukashuka hadi 47, kuhama kwake kukapungua kutoka 36 hadi 27, na mwongozaji akaipitisha shoti bila kuuliza nimegusa nini.